Nilivyoacha kuorodhesha watafiti kwenye mapitio yangu

Rasimu ya kwanza ya mapitio ya maandiko ya tasnifu yangu ilikuwa na kurasa 14, na karibu kila aya ilianza na jina la mtu. Fulani (mwaka) alichunguza hiki, akagundua kile. Mada ilikuwa ufundishaji kwa lugha mama katika madarasa ya mwanzo ya msingi. Msimamizi wangu aliirudisha ikiwa na swali moja pembeni: "Sasa hawa wanabishana au wanakubaliana?" Sikuwa na jibu, ingawa nilikuwa nimewasoma wote.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuwapanga kwa nchi: Naijeria, Afrika Kusini, Kameruni, Kenya. Nikaweka vichwa vidogo, nikajiona nimemaliza. Kumbe ni orodha ileile, sasa imevaa bendera.

Kilichonisaidia ni jedwali. Mwanzoni nalo lilikuwa bovu, kwa sababu safu zake zilikuwa mwandishi, mwaka, mbinu na matokeo, na safu ya matokeo ilijaa sentensi nilizonakili kutoka kwenye muhtasari wa makala. Nikaifuta. Badala yake nikaweka maswali: watoto walifundishwa kwa lugha mama miaka mingapi? Walilinganishwa na nani? Walipimwa wakiwa darasa la ngapi, na kwa lugha gani?

Swali la "walilinganishwa na nani" ndilo lililonifungua macho. Mradi wa Ife wa Naijeria, ulioanza 1970, kila mtu huutaja kama ushahidi kwamba lugha mama inashinda Kiingereza. Nilipojaza kisanduku chake nikakuta kundi la kulinganisha nalo lilisoma kwa Kiyoruba miaka mitatu ya mwanzo, kisha likahamia Kiingereza. Kwa hiyo mradi ule ulipima miaka sita dhidi ya mitatu. Haukupima lugha mama dhidi ya kutokuwa nayo kabisa, ingawa mimi kwenye rasimu yangu nilikuwa nimeandika bila aibu kwamba ulipima hivyo.

Taylor na von Fintel (2016) wa Afrika Kusini wanauliza jambo jingine: shule zilizotumia lugha mama darasa la kwanza hadi la tatu dhidi ya zilizoanza na Kiingereza moja kwa moja, na Kiingereza kinapimwa darasa la 4 hadi la 6. Waliotangulia na lugha mama walifanya vizuri zaidi kwenye Kiingereza. Kenya nako, Piper na wenzake (2018) hawakuona faida ya ziada kwenye Kiingereza wala Kiswahili, na Hisabati ilikuwa chini kidogo. Lakini watoto wao walilinganishwa na wenzao waliokuwa kwenye mpango uleule wa kuboresha usomaji, ila bila lugha mama. Wenzao hao nao walikuwa na vitabu vipya na walimu waliopewa mafunzo. Huyo ni mshindani mgumu kuliko shule ya kawaida.

Hapo mada zikajitokeza zenyewe. Ya kwanza ni kuhama kwa stadi kutoka lugha moja kwenda nyingine, ya pili ni muda wa kubadilisha lugha, na ya tatu ni vitabu na walimu. Nilikuwa na ya nne, mtazamo wa wazazi, lakini ilikuwa na vyanzo viwili tu, nikaimeza ndani ya ile ya tatu.

Aya niliyoianza upya ilisomeka hivi: "Kama usomaji wa lugha mama unasaidia lugha ya pili kunategemea mno kundi la kulinganisha. Pale ambapo mbadala ni Kiingereza tangu siku ya kwanza, faida inaonekana (Taylor na von Fintel, 2016). Pale ambapo mbadala ni mpango wenye vitabu na mafunzo yaleyale, haionekani (Piper na wenzake, 2018)." Majina yamehamia kwenye mabano, na kiima cha sentensi ni hoja.

Mada ya muda niliijenga juu ya Kameruni. Watoto waliofundishwa kwa Kikom miaka mitatu waliwazidi wenzao mwanzoni, hata kwenye Kiingereza, lakini kufika darasa la 5 faida ilikuwa imepungua sana (Laitin na wenzake, 2019). Nikauweka mradi wa Ife hapohapo, maana sasa nilijua swali lake halisi ni la muda. Utafiti wa Kenya ulitokea kwenye mada mbili, na mwanzoni nilidhani nimekosea. Siku hizi chanzo kikubwa kikitokea mara moja tu kwenye sura nzima, narudi kwenye jedwali kuangalia kisanduku gani nimekiacha wazi.

Rasimu ya pili ilikuwa na kurasa 9. Vyanzo sita vilikosa pa kukaa, nikaviondoa. Msimamizi aliandika pembeni tena, safari hii kwenye mada ya vitabu na walimu: "Hapa umerudi kwenye orodha." Kweli, aya tatu mfululizo zilianza na majina.