Methali za Kikuyu zilizoandikwa kwa fonti ya zamani: jinsi nilivyozirudisha

Faili la baba la methali lilichapwa kwa fonti iliyochora ĩ na ũ mahali pa î na û. Kwenye simu yangu «mũndũ» likasomeka «mûndû», na ukilitafuta hulipati. Kubadilisha fonti hakukusaidia. PDF ilionekana vizuri, lakini kutafuta bado kulishindikana.

Kilichofaa ni kubadilisha herufi zenyewe. Katika Word nilibonyeza Ctrl+H, nikawasha Match case ili Û na û zisichanganyike, kisha nikabadilisha jozi nne: î kuwa ĩ, û kuwa ũ, Î kuwa Ĩ na Û kuwa Ũ. Fonti niliigusa mwisho kabisa.

Hata hivyo, nusu ya maneno haikupatikana. Kumbe baadhi ya ũ nilizonakili zilikuwa herufi mbili: u, na kiwimbi chake U+0303 pembeni. Kwa macho huoni tofauti. Weka kishale baada ya herufi, bonyeza Backspace: ikibaki u tupu, ni hiyo. Niliandika 0169 nikabonyeza Alt+X, nikapata ũ moja kamili (ĩ ni 0129), nikarudia kubadilisha, safari hii zile za herufi mbili. Sasa «mũndũ» linapatikana hata kwenye simu ya mama.