Chini ya kuba la Hagia Sofia

Kilichonipeleka Istanbul ni pembe nne tu za jengo moja. Nilishuka kwenye tramu kituo cha Sultanahmet, nikapanga foleni pamoja na wageni wengine, kisha nikapanda hadi roshani ya juu. Kutoka pale unaliona kuba la Hagia Sofia bila kuvunja shingo, na unaona vizuri mahali linapokalia.

Chini kuna nguzo nne kubwa za mawe, zimesimama kwenye pembe za mraba wenye upande wa takriban mita 31. Nguzo zimeunganishwa kwa matao manne. Sasa weka duara juu ya mraba huo: linagusa katikati ya kila upande, lakini kwenye kila pembe inabaki nafasi tupu ya zaidi ya mita 6. Kuba zito la matofali litashikwa na nini hapo?

Anthemio wa Tralles na Isidoro wa Mileto, waliomjengea Kaisari Justiniani kanisa hili kati ya 532 na 537, walizijaza pembe hizo kwa pembetatu zilizopinda, ziitwazo pendentivu. Chukua nusu ya chungwa, uiweke kifudifudi. Kata kingo zake wima pande nne ili chini ubaki mraba, halafu kata kilele kwa usawa wa juu ya matao. Vipande vinne vinavyobaki pembeni ndivyo pendentivu. Kila kimoja huanza na ncha juu ya nguzo, kinapanda kikipanuka na kuinamia ndani, hadi vyote vinakutana na kufanya duara kamili. Uzito wa kuba unateremka kupitia pendentivu hizo na matao mpaka kwenye nguzo. Nilikaa muda mrefu nikiifuata kwa macho pendentivu moja, yenye picha ya serafi mwenye mabawa sita, na sikuona mahali mraba unapoishia.

Lakini kuba halikandamizi chini tu, linasukuma pia nje, na kadiri lilivyo bapa ndivyo linavyosukuma zaidi. Kuba la kwanza lilikuwa bapa mno. Mashariki na magharibi nusu kuba zilisaidia kupokea msukumo huo, lakini kaskazini na kusini hapakuwa na msaada kama huo, nguzo zikaanza kulalia nje. Baada ya matetemeko ya ardhi, mwaka 558 sehemu ya kuba ikaanguka. Isidoro Mdogo alilijenga upya, akaliinua kwa karibu mita 6 ili msukumo upungue, na kanisa likafunguliwa tena mwaka 562.

Athari zake bado zinaonekana. Pale roshanini nilisimama kando ya nguzo za marumaru, nikalinganisha wima wake na mlango wa mbali: zimeinama waziwazi. Na kuba lenyewe leo si duara kamili, kipenyo chake kinatofautiana kutegemea upande unaopima.