Pesa "itatolewa" ipelekwe wapi?

Shangazi yangu husuka vikapu vya magugumaji hapa Dunga, Kisumu. Juzi alipata oda ya vikapu 60 kupitia soko la mtandaoni, kimoja shilingi 900, na mkataba ukaja kwa Kiingereza. Akaniita nimwandikie kwa Kiswahili na kumsomea.

Mkataba ulisema pesa ya mnunuzi itakaa kwanza kwa mtu wa tatu, na hilo halikutusumbua. Nilimwambia ni kama pesa ya shamba: mnunuzi anaiweka kwa wakili, na haifiki kwako mpaka hati ibadilishwe jina. Hapa wakili ni soko lenyewe. Balaa lilianza niliposoma kifungu cha kulipa kwa awamu: "Pesa ya kila awamu itatolewa mnunuzi akikubali mzigo." Akaweka chini kikapu alichokuwa anamalizia ukingo.

"Itolewe ipelekwe wapi, mwanangu? Si umesema iko salama?"

Kosa lilikuwa langu. Mkataba ulimaanisha kumwachilia muuzaji pesa yake, lakini kwa shangazi kitu kikitolewa kimeondolewa. Nikakata, nikaandika upya: "Soko litamlipa muuzaji pesa ya awamu hiyo." Sasa alijua nani analipa na nani analipwa.

Kifungu kilichofuata kilisema soko litalipa mnunuzi akishakubali mzigo, au siku 7 zikipita tangu ufike bila yeye kulalamika, lolote litakalotangulia. Shangazi akaanza kuhesabu tangu siku ya kupeleka vikapu stendi. Hapana. Kwa mkataba huu, siku zinahesabiwa tangu muuzaji abonyeze Mark as delivered na kuweka picha ya risiti iliyotiwa sahihi na mpokeaji. Tukashusha kalenda ya ukutani. Mzigo ukifika Nairobi tarehe 4 naye abonyeze siku hiyohiyo, mnunuzi akinyamaza, pesa inaingia tarehe 11. Shangazi akisahau kubonyeza mpaka tarehe 9, ni tarehe 16. Na mnunuzi akifungua malalamiko hata siku ya sita, hesabu inasimama, pesa inakaa palepale mpaka waamuliwe.

"Kumbe kunyamaza kwake ni kukubali," akasema. Ndivyo hasa, na mimi nisingeliweka vizuri zaidi.

Nilidhani tumemaliza, mpaka akaniuliza kama ile 54,000 yote imeshawekwa. Tukafungua simu. Oda iligawanywa awamu tatu za vikapu 20, kila moja shilingi 18,000. Awamu ya kwanza iliandikwa Funded, mbili zilizobaki Pending. Yaani iliyoko kwa soko ni 18,000 tu; nyingine bado iko mfukoni mwa mnunuzi, na akibadili nia soko halina cha kumlipa shangazi. Kuandikwa kwenye mkataba si kuwekwa.

Mabua ya vikapu vyote 60 yalikuwa yameshaanikwa uani. Aliyafunga mafungu matatu, mawili akayaingiza stoo, akarudi kwenye kikapu chake.