Siku moja maishani mwangu: fundi wa madodoso na majibu ya mizimu

Nikitaja kazi yangu, watu hunijibu neno lile lile: "Aa, zile fomu." Ndiyo, zile fomu. Unagusa "ndiyo", maswali matatu yanachomoza. Unagusa "hapana", yanajificha. Mimi ni mmoja wa wanaoyachomoza na kuyaficha, na leo nimeshinda nikiwatafuta watu 38 ambao hawakutakiwa kuwepo.

Saa 2 asubuhi. Nawasha kompyuta, nahakikisha seva imelala salama, nasahihisha herufi moja kwenye swali la 14, najibu ujumbe wa jana. Saa nzima imekwisha na haina hadithi.

Saa 3. Kabla simu hazijaanza, nieleze kidogo mfumo ulivyo. Mteja anatunga maswali yake mwenyewe. Leo ana maswali 12, kesho 40, keshokutwa anafuta mawili na kuongeza matano. Ukimtengenezea jedwali lenye safu kwa kila swali, utalibomoa kila akibadili mawazo. Kwa hiyo kila mhojiwa ana mstari mmoja, na majibu yake yote yanakaa kwenye safu moja ya aina ya `jsonb` ndani ya kanzidata ya PostgreSQL: jina la swali na jibu lake, basi. Maswali na masharti yake nayo yanahifadhiwa kama data, siyo kama msimbo.

Raha yake ni hiyo, na balaa lake liko hapo hapo. Safu ya kawaida ya namba ingegoma ukiipa neno. Huu mfuko wa `jsonb` haukatai kitu. Ukiutupia jibu la swali ambalo mtu hakuulizwa, unalipokea na kulitunza kwa uaminifu kabisa.

Saa 4:20. Simu. Ni mteja wetu mtafiti, mtu mzima, mwenye kuhesabu kila kitu kwa mkono baada ya sisi kumhesabia kwa mashine. Hasalimii sana.

"Kijana, mfumo wenu unazaa watu."

"Shikamoo mzee. Unazaa vipi?"

"Marahaba. Wenye biashara waliosema wana wafanyakazi ni 214. Waliotaja idadi ya wafanyakazi ni 252. Hao wengine 38 wametoka wapi?"

Nikamwambia nitaangalia. Akasema anaihitaji ripoti leo. Akapiga tena saa 4:35 kuuliza kama nimeshaangalia. Akapiga saa 4:50 kunikumbusha kwamba aliniuliza. Kinachoniudhi si kupigiwa. Ni kwamba alikuwa na haki.

Nikaandika swali kwa kanzidata:

```sql
SELECT toleo, count(*) FROM majibu
WHERE data->>'ana_wafanyakazi' = 'hapana'
  AND data ? 'idadi_wafanyakazi'
GROUP BY toleo;
```

Ile alama ya `?` inauliza kama jina hilo limo ndani ya mfuko, bila kujali thamani yake. Jibu likaja: 11 kwenye toleo la 1, 27 kwenye toleo la 2. Jumla 38. Hesabu ya mzee ni sahihi kama msumari.

Wale 11 niliwamaliza haraka. Kwenye toleo la 1 swali la idadi halikuwa na sharti, kila mtu aliulizwa, na asiye na wafanyakazi aliandika 0. Wote 11 wana 0. Hawana kosa. Ndiyo maana kila mstari unabeba namba ya toleo la dodoso lililojazwa. Ukilihukumu jibu la zamani kwa masharti mapya, utamtia hatiani mtu aliyejibu alichoulizwa.

Wale 27 ndio walionila siku. Nikafungua mmoja:

```json
{
  "ana_wafanyakazi": "hapana",
  "idadi_wafanyakazi": 7,
  "wana_mikataba": "hapana"
}
```

Hana wafanyakazi, ila wako saba, na hawana mikataba.

Nikamwita mwenzangu anayeshughulikia upande wa skrini, tukakaa naye kwenye dodoso lenyewe. Gusa "ndiyo", kisanduku cha idadi kinafunguka. Andika 7. Rudi juu, gusa "hapana". Kisanduku kinapotea. Lakini kupotea machoni si kufutika. Ile 7 ilibaki kwenye kumbukumbu ya ukurasa, na mtu alipotuma, ikasafiri na wenzake hadi kwenye kanzidata. Huyo ndiye tunayemwita mzimu: jibu la swali lililofichwa.

Kisha tukaona baya zaidi. Swali la mikataba lina sharti lake: lionekane kama `idadi_wafanyakazi` inazidi 0. Sasa idadi imefichwa, lakini 7 bado ipo, kwa hiyo sharti linatimia. Skrini ilikuwa inamwambia mtu aliyetoka kusema hana mfanyakazi hata mmoja, "Je, wafanyakazi wako wana mikataba ya maandishi?" Naye, maskini, akajibu hapana. Angejibu nini?

Mwenzangu akasema, "Dawa rahisi. Swali likijificha, futa jibu lake hapo hapo."

Nilishawahi kuinywa dawa hiyo. Mtu anajaza kwenye simu, kidole kinateleza kinagusa "hapana" badala ya "ndiyo", anarudisha mara moja, na majibu yake yote ya chini yameshayeyuka. Wengi hawaanzi upya, wanafunga tu. Kwenye rasimu acha jibu lililofichwa likae. Usafi ufanyike wakati wa kutuma, tena ufanyike upande wa seva, kwa sababu kinachotoka kwenye kivinjari cha mtu huwezi kukiamini mpaka umekihesabu mwenyewe.

Mchana nilikuwa nimeandika hivi:

```js
function safisha(maswali, majibu) {
  const hai = {};
  for (const s of maswali) {
    if (s.sharti && !inatimia(s.sharti, hai)) continue;
    if (s.id in majibu) hai[s.id] = majibu[s.id];
  }
  return hai;
}
```

Siri yote iko kwenye neno moja: sharti linapimwa kwa `hai`, halipimwi kwa `majibu`. Tunapita swali kwa swali kuanzia juu. Lililoruhusiwa linaingia kwenye `hai`. Lililofichwa haliingii, kwa hiyo haliwezi kumfungulia mlango mjukuu wake. Idadi ikianguka, mikataba inaanguka nayo. Hili linafanya kazi kwa sababu tunakataza sharti kutazama swali linalokuja baada yake. Ukiruhusu maswali mawili yategemeane, utazunguka mpaka kesho.

Mzee akapiga. Nikamwambia bado.

Saa 9 na kitu. Majaribio 40, moja jekundu. Kuna swali linalosema "Kwa nini hawana mikataba?", na sharti lake mteja alilitunga kinyume: lionekane kama `wana_mikataba` *si* "ndiyo". Sasa fikiria asiye na wafanyakazi. Swali la mikataba halimo kwenye `hai`, jibu lake ni utupu, na utupu, kwa ukweli wa mashine, si "ndiyo". Sharti likatimia. Mtu ambaye hakuulizwa kuhusu mikataba akaulizwa kwa nini hana.

Nililitazama lile jaribio kwa muda kama mtu anayetazama tairi likiishiwa upepo. Ikabidi `inatimia` iwe na kanuni ya kwanza kabla ya kulinganisha chochote: swali linalotajwa kwenye sharti kama halimo kwenye `hai`, jibu ni hapana, hata sharti liwe la kukanusha. Mistari miwili. Ilinichukua saa moja na nusu kuifikia, na mtu yeyote akisoma atasema hiyo iko wazi.

Basi, kilichobaki ni wale 27 waliokwisha kutumwa. Nilitaka kuwapitisha kwenye `safisha`, mzimu uondoke, nikalale. Lakini rasimu zetu hurekodi kila badiliko la jibu na muda wake, na mkono ukaniwasha nikachungulia.

Watu 19 waligusa "ndiyo", wakaandika 0, wakarudi juu kusahihisha. Hao ni makosa ya kidole. Wanane waliobaki walikuwa na idadi inayozidi 0. Mwenye wafanyakazi saba aliandika 7, akafika penye "Taja kazi ya kila mfanyakazi". Visanduku saba vikamfungukia mbele. Sekunde tisa baadaye alikuwa amerudi juu na kusema hana mfanyakazi. Wengine saba wana nyayo zinazofanana na zake.

Wafanya utafiti wanalijua hili siku nyingi: mhojiwa akishagundua kwamba "ndiyo" inaleta maswali zaidi, atasema "hapana" ili amalize. Kwa hiyo huyu mzimu niliyekuwa natafuta kumfuta huenda ndiye pekee aliyesema kweli kwenye mstari ule, na jibu safi, lililopita kwenye masharti yote, ndilo la uongo. Huenda. Siwezi kuthibitisha, na si kazi yangu kumchagulia mtu jibu.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipompigia mzee mwenyewe, nikamweleza. Kimya. Kisha: "Futa wote 38."

"Mzee, 11 hawana kosa, walijibu walichoulizwa."

"Basi futa 27."

"Kwenye ripoti hawatahesabika kwenye idadi. Ila yale majibu yao ya mwanzo sifuti. Nayaacha kwenye safu yake, na yaliyosafishwa nayaweka kwenye safu ya pembeni. Ripoti itasoma ya pembeni. Wale wanane nakutumia na nyakati zao, uamue mwenyewe kama unawarudia."

Akaniuliza kama huo si uvivu wa kufuta. Miaka yote hii kwenye kazi, sijawahi kuitwa mvivu nikiwa nimechoka kiasi kile. Nikamwambia kilichofutwa hakirudi, lakini kilichowekwa pembeni unaweza kukifuta hata Ijumaa. Akaguna, akakata.

Nikaongeza safu ya `data_safi`, nikaijaza kwa kupitisha kila mstari kwenye masharti ya toleo lake. Nikahesabu. Waliosema wana wafanyakazi: 214. Waliotaja idadi: 225, yaani wale 214 na wale 11 wenye sifuri zao halali. Nikaandika maelezo ya mistari mitatu chini ya jedwali, maana najua angepiga kuuliza kuhusu hao 11.

Saa 3 usiku, nadhani. Nimeshafunga kompyuta, simu inalia ujumbe. Mzee amewasoma wale wanane. Hasemi asante. Anataka visanduku vya kazi za wafanyakazi vipunguzwe viwe kimoja tu, na swali hilo lishuke mpaka mwisho wa dodoso, kuanzia kesho asubuhi.

Toleo la 3.