Taa ya dirishani: anga moja, majibu mawili

Leo taa imekubali, baada ya wiki tatu za kulumbana nayo. Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: nipo Changamwe, ndege za uwanja wa Moi, Mombasa, zinanipita juu, na kikompyuta changu kinasoma METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa, ya uwanja huo, ambao msimbo wake ni HKMO, kisha kinawasha kijani au nyekundu kwa rubani anayetaka kuruka kwa macho, yaani kwa kuona nje badala ya kufuata vyombo.

Iliyonitesa ni ripoti ya saa moja asubuhi:

```
HKMO 120400Z 20006KT 9999 BKN012 25/23 Q1014
```

Muono ni kilomita 10 au zaidi, lakini wingu limefunika zaidi ya nusu ya anga kwa futi 1,200 juu ya uwanja. Taa ikawaka kijani. Nilibadilisha waya, nikachomea lehemu upya, kijani ileile. Kosa lilikuwa kwenye maktaba ya programu niliyoipakua: inahukumu Kimarekani, ambako dari, yaani kimo cha wingu lililofunika zaidi ya nusu ya anga, ikiwa futi 1,000 inatosha. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka futi 1,500 na muono wa kilomita 5 kabla ya kupaa au kutua kwa macho ndani ya eneo la udhibiti. Siku hizi maktaba za rangi zilizopangwa tayari sizitaki kabisa. Mstari mmoja wangu umetosha:

```python
nyekundu = dari < 1500 or muono < 5000
```

Nikachukua karatasi. Kwenye anga inayodhibitiwa unatakiwa ukae futi 1,000 kutoka kwenye wingu kwa wima, na mita 1,500 kwa ulalo. Toa 1,000 kwenye 1,200, unabaki na futi 200, na hata nje ya mji hupaswi kushuka chini ya futi 500. Basi hakuna pa kupita. Ukijumlisha 500 na 1,000 unapata ile 1,500.

Pengo hilo lipo kwa sababu ndani ya wingu kuna ndege inayokuja kwa vyombo, na rubani wake hakuoni mpaka atokeze. Kwa kasi ya noti 140 anamaliza mita 1,500 kwa sekunde kama 21, nawe ukimwendea zinapungua. Katika daraja D, aina mojawapo ya anga inayodhibitiwa, mwongozaji hawatenganishi ninyi wawili, anawaarifu tu. Macho ndiyo yanayookoa.

Wingu hilohilo likiwa juu ya daraja G, anga isiyodhibitiwa, chini ya futi 3,000 kutoka usawa wa bahari, jibu ni kijani: kilomita 5, usiguse wingu, na ardhi uione. Huko chini wa kutokeza mawinguni ni wachache, na rubani mdogo akilazimishwa kuacha futi 1,000 angesukumwa kwenye minazi.

Kwa hiyo taa moja haitoshi. Naongeza taa ya pili ya daraja G, na ya njano kwa siku ambazo mnara unaweza kutoa ruhusa maalumu ya kuruka kwa macho chini ya viwango. Waya wa njano tayari uko mezani.