Jinsi nilivyoandika upya masharti ya kurudisha nguo dukani kwangu

Ukutani kulikuwa na kile kibao ambacho kila mtu anakijua: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nilikirithi kwa mpangaji aliyenitangulia, nikakiacha. Duka langu ni chumba kimoja Sinza. Nauza magauni na nguo nyingine za kike, na baadhi nazituma mikoani kwa basi. Tatizo la kibao kile ni kwamba hata mimi sikukifuata. Mteja mpole nikimkatalia aliondoka kimya. Aliyepaza sauti nilimrudishia hela ili anyamaze.

Kilichonishtua ni gauni la shilingi 65,000. Dada mmoja alilichukua Ijumaa, Jumatatu akalirudisha akisema halikumtosha. Lebo ilikuwepo, ila imeshikizwa kwa pini ya kawaida. Nikaligeuza ndani: shingoni kuna mstari wa fondesheni, kwapani pamebaki weupe wa diodoranti, na gauni zima linanukia udi. Lilikuwa limetoka kwenye sendoff. Lakini kumwambia "umelivaa" ni kumwita mwongo mbele ya wateja wawili waliokuwa wanachagua blauzi. Nikampa hela yake. Gauni nililipeleka kwa dobi, baadaye nikaliuza 40,000.

Kwa hasira nikaandika kwamba nguo irudi siku inayofuata, zaidi ya hapo hapana. Nilijichongea mwenyewe. Mzigo wa Mwanza ulikuwa bado njiani muda ukiisha, na aliyemnunulia mdogo wake zawadi hakupata nafasi hata ya kuijaribisha. Halafu anayenunua Jumamosi asubuhi, akavaa jioni, Jumapili anakuja bila wasiwasi. Kufupisha siku kuliwabana waaminifu tu.

Nilichohitaji ni nguo yenyewe iseme, ili mimi na msichana wangu wa dukani tusilazimike kumshuku mtu. Sasa kila gauni lina lebo kubwa ya pili, imening'inia kifuani kwa nje, imefungwa kwa uzi wa plastiki ambao ukishaukata haufungiki tena. Nyuma yake tunaandika namba ya risiti wakati wa kuuza. Nyumbani utalijaribu bila shida, utajitazama kwenye kioo, utakaa. Ukumbini huwezi kwenda nalo hivyo. Wapo wanaoificha lebo kwa mtandio, najua, kwa hiyo kunusa na kukagua kwapa bado tunafanya. Ila mabishano mengi yameisha: tunaangalia uzi.

Kosa langu la pili lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Mteja alileta gauni la 45,000 siku ya tisa, zipu imeachia mara ya kwanza alipolivaa. Msichana akamsomea masharti: siku zimepita, lebo imekatwa. Alikuwa sahihi kwa maandishi yangu, na yalikuwa dhuluma. Zipu mbovu utaijuaje kabla ya kuvaa? Nikampigia mteja, nikamrudishia fedha zote, usiku ule nikaandika upya. Maandishi ni haya:

"Nguo isiyokutosha au uliyobadili mawazo: ilete ndani ya siku 7 tangu uipokee, ikiwa na risiti, na lebo ya kifuani haijakatwa. Tutakubadilishia au kukupa vocha ya miezi 3, kwa bei iliyo kwenye risiti. Nauli ni yako.

Nguo yenye kosa letu (mshono, zipu, kuchuja rangi, au tofauti na picha): ilete ndani ya siku 30, hata lebo ikiwa imekatwa. Chagua: tuirekebishe, tuibadilishe au tukurudishie pesa. Nauli ni yetu.

Chupi na nguo za kuogelea hazibadilishwi, isipokuwa zikiwa na kosa."

Maneno "bei iliyo kwenye risiti" yana sababu. Kuna aliyenunua wakati wa punguzo, kisha akadai vocha ya bei kamili iliyo kwenye lebo. Na "tofauti na picha" si hisani yangu: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na mimi nauza kwa picha WhatsApp. Ndiyo maana masharti haya namtumia mteja wa mkoani kabla hajalipa. Akiyapata ndani ya mfuko, hela ikiwa imeshatoka, atakuwa na haki ya kulalamika.

Vocha ilinigharimu wateja wachache waliotaka hela taslimu kwa nguo isiyo na kosa. Hapo sikulegea, kwa sababu hela ya mauzo huwa imeshaenda kuchukua mzigo mwingine Kariakoo. Fedha za kurudisha nguo zenye kosa naziweka pembeni, kwenye bahasha ndani ya droo, na msichana ana ruhusa ya kuzitoa bila kunipigia simu.

Kibao cha zamani sikukitupa. Nilikigeuza, na masharti mapya nimeyaandika nyuma yake.