Picha moja ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300 kwa barabara ya kusini. Ukishafika, kibali cha kwenda kisiwani hukatwa palepale mjini, kisha unashuka bandarini na kuvuka mlango mwembamba wa bahari kwa jahazi au boti. Nilirudi na picha nyingi, lakini hapa nataka kuisoma moja tu. Niliipiga nikiwa nimesimama ndani ya Msikiti Mkuu, upande wa kusini, nikielekeza kamera kaskazini.

Kwenye picha hiyo, mbele kuna giza: safu za nguzo za pembenane zimebeba matao, na juu ya matao kuna kuba ndogondogo na mapaa ya mviringo kama nusu ya pipa. Mwisho wa safu kuna mwanga mkali, kwa sababu huko hakuna paa. Ukiitazama haraka utadhani jengo ni moja, na kwamba mwisho wake umebomoka. Sivyo. Giza na mwanga ni majengo mawili ya nyakati mbili. Lile lisilo na paa ndilo la kwanza.

Ule ukumbi wa kaskazini ulianza karne ya 11 au ya 12. Ulikuwa na nguzo 9, yaani safu 3 za nguzo 3, zilizougawa katika sehemu 16. Ukijiuliza kwa nini nguzo zibanane hivyo ndani ya ukumbi mdogo, jibu liko kwenye mkoko. Paa lake lilikuwa bapa, na mapaa bapa ya pwani hii hubebwa na boriti. Boriti ya mkoko yenye unene wa kufaa haivuki nafasi pana: ikizidi mita 3 hivi huanza kupinda chini ya uzito wa mawe na zege la chokaa lililolazwa juu yake. Kwa hiyo aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kuongeza nguzo, si kurefusha mti. Upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, unafuata kipimo hichohicho.

Na boriti ndiyo inayoeleza ule mwanga kwenye picha. Mti ukiliwa na mchwa au ukioza kwa maji ya mvua, paa zima huporomoka pamoja nao. Kuba haina mti wa kuoza. Imejengwa kwa mawe na chokaa, na mawe yake yanashikana kwa kusukumana. Ndiyo maana sehemu changa zaidi imebaki na mapaa yake mengi, ilhali kongwe iko wazi kwa mbingu.

Sehemu ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye pia alijenga kasri la Husuni Kubwa kwenye ukingo wa mwamba upande wa mashariki. Huo ndio wakati ambao dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipitia Kilwa, na msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akamkuta sultani huyo kwenye enzi. Hapa ndipo picha inapoanza kueleza maana. Msikiti wa Ijumaa hukusanya mji mzima, basi ukubwa wake ni hesabu ya watu na ya mali. Kuupanua mara kadhaa, na kuuezeka kwa kuba badala ya boriti, kulimwambia kila nahodha aliyetia nanga kwamba mji huu una mafundi, una chokaa ya kutosha na una fedha za kuwalipa. Kwenye pembe ya kusini-mashariki kuna chumba chenye kuba kubwa kuliko zote, ambayo haikupata mpinzani katika pwani hii hadi karne ya 19.

Hata hivyo, nguzo zinazoonekana kwenye picha yangu si za al-Hasan. Upanuzi wake ulisimama juu ya nguzo zilizochongwa kila moja kutoka jiwe moja la matumbawe, nao uliporomoka. Ulijengwa upya katika karne ya 15, safari hii kwa nguzo za mawe madogo yaliyounganishwa kwa chokaa na kupigwa lipu. Kuzitofautisha si kazi ngumu ukisogea karibu. Tafuta mahali lipu ilipobanduka: ukiona mawe ya ukubwa tofauti na chokaa katikati yake, hiyo ni ya karne ya 15. Ukiona jiwe moja lisilo na kiungo, lenye vitundu vya matumbawe kuanzia chini hadi juu, hilo ni la ule upanuzi wa kwanza. Makosa mengi ya maelezo ya picha hutokea hapa, maana watu huandika "karne ya 14" chini ya nguzo ambazo ni changa kwa miaka mia.

Matumbawe yenyewe ni ya aina mbili. Kuta zimejengwa kwa mawe magumu ya mwamba wa zamani, yaliyovunjwa nchi kavu. Mihrabu na kingo za milango zilihitaji tumbawe linalokatwa baharini likiwa bado bichi. Likiwa na maji huchongeka kwa urahisi, likikauka hukaza. Fundi alikuwa na muda wa kuchora, kisha jiwe likamfungia kazi yake.

Mihrabu iko kwenye ukuta wa kaskazini, maana kutoka Kilwa Makka iko karibu kaskazini kamili. Jambo hili lina faida kwa mpiga picha. Uso wa mihrabu unaangalia kusini, kwa hiyo katikati ya mwaka, jua likiwa upande wa kaskazini, unabaki kivulini mchana kutwa na michoro hufifia. Kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari jua la adhuhuri huwa kusini, na mwanga unafika hata kwenye mifereji ya mchongo. Ukienda Juni au Julai, usipige mihrabu na mbingu pamoja. Sogea, ijaze fremu kwa jiwe tu, la sivyo kamera itapima mwanga wa mbingu na jiwe litatoka jeusi.

Usitafute mnara kwenye picha, haupo. Msikiti huu hauna ua wa ndani pia. Ulikuwa ukumbi ulioezekwa wote, nao ni mtindo wa misikiti ya Waswahili wa zama hizo. Anayeiita sehemu yoyote ya msikiti huu kazi ya Wareno anaichanganya na Gereza, ile ngome iliyo ufukweni boti zinapofikia. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakaweka ngome hapo, wakaondoka mwaka 1512, na kuta unazozipiga picha leo kwenye Gereza kwa sehemu kubwa ni za Waomani wa mwanzoni mwa karne ya 19. Angalia mlango wake wa mbao uliochongwa na minara yake ya pembeni, kisha rudi kwenye nguzo za pembenane: ni mikono miwili tofauti kabisa.